Kipande cha Gitaa Kinapogeuka Biti

Ndani ya LMMS, programu ya bure ya kutengenezea muziki, ukipandisha sauti ya sampuli unaiharakisha pia. Wanaoanza huiona hiyo kuwa kasoro. Kwangu ni njia ya mkato, mradi ujue hesabu yake.

Tuseme umerekodi gitaa lako katika ufunguo wa G, kwa kasi ya mapigo 80 kwa dakika. Mapigo manne yanachukua sekunde 3. Biti unayoitaka ni ya kasi ya 90. Kila nusu toni unayopanda huongeza kasi kwa karibu asilimia 6, hivyo nusu toni mbili zinakufikisha 89.8. Tofauti iliyobaki haisikiki, kwa sababu kila kipande kitaanzishwa upya kwenye pigo lake. Ila gitaa sasa limehamia A, na besi lazima ilifuate huko, la sivyo vitagombana.

Kata kwanza kwenye Audacity, nayo ni ya bure. Vipande vinne, kila kimoja kama sekunde 0.75. Usiiamini rula peke yake, maana mpiga gitaa si saa. Tazama mchoro wa wimbi, ukate pale linapoanza kuvimba. Ukichelewa, mdonoo wa uzi unapotea na noti inalegea; ukiwahi, kimya kidogo cha mwanzoni kitafanya kipande kisikike kimechelewa. Kabla ya kukata bonyeza `Z`, ili kingo za ulichochagua zisogee hadi wimbi linapovuka mstari wa sifuri. Ukiruka hatua hii utasikia "tiki" kila kipande kinapoanza. Hifadhi kila kimoja kama WAV.

Kwenye LMMS, kila kipande kipe njia yake yenye `AudioFileProcessor`. Noti yake ya msingi kwa kawaida ni A4: hapo kipande hulia kama kilivyorekodiwa. Kwa hiyo andika noti zako kwenye B4, nusu toni mbili juu. Mzunguko wa kwanza acha 1, 2, 3, 4 kama ulivyopigwa. Wa pili jaribu 1, 1, 4, 2. Kiki iweke kwenye pigo la kwanza na la tatu, sneya la pili na la nne. Ngoma usizipandishe. Noti ikiisha ghafla na "tiki" ikarudi mwishoni, iongezee muda mfupi wa kufifia.

Ukitaka kufika 100 utahitaji karibu nusu toni nne, na gitaa litakuwa jembamba. Sauti ya mtu huwa ya kitoto. Kanye West aliifanya hivyo kwa makusudi sauti ya Chaka Khan katika "Through the Wire" mwaka 2003. Kama hutaki ladha hiyo, punguza kasi ya biti, au tumia `Change Tempo` ya Audacity, inayobadili kasi bila kugusa sauti. Lakini ukiizidisha, midonoo ya gitaa hupoteza ukali na kusikika kama imetapakaa.