Je, Wajua? Gemu ya GB 60 Yaweza Kuja Mfukoni

Je, wajua kwamba ndani ya kompyuta folda ya Dota 2 haiitwi Dota 2 tu? Valve waliitoa rasmi Julai 2013, baada ya muda mrefu wa majaribio, na folda ya enzi za majaribio haijabadilishwa jina hadi leo: inaitwa `dota 2 beta`. Naanza na folda hiyo kwa sababu ukiikopi kutoka kwa rafiki, jina lake na mahali utakapoiweka ndivyo vitakavyoamua kama utashusha gemu nzima au utamalizia kiporo tu.

Je, wajua tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ukurasa wa Dota 2 dukani Steam unakuambia utenge GB 60. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyoyumba hata dakika moja, GB 60 ni saa 13 na dakika 20. Diski ya nje inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde inazimimina kwa dakika 10. Ukiichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2.0, ambalo hupitisha kama megabaiti 30, itakuchukua nusu saa na ushee. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, basi angalia kabla ya kulaumu diski ya watu.

Je, wajua kwamba Steam haikuulizi kama una mafaili tayari? Inajikutia tu. Kwenye kompyuta ya rafiki yako, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, ingia Manage, kisha Browse local files. Folda ya gemu itafunguka. Rudi nyuma hatua moja, halafu kopi `dota 2 beta` yote jinsi ilivyo kwenye diski ya nje. Nyumbani kwako, sakinisha Steam, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, kisha izime kabisa kwa Exit, maana ule msalaba wa pembeni huificha tu. Sasa pesti folda hapa:

```
C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common\
```

Steam ikiwa mpya, huenda folda ya `common` haipo bado. Itengeneze mwenyewe. Washa Steam, tafuta gemu, bonyeza INSTALL, uchague diski ileile uliyopestia. Basi.

Je, wajua ni nini kinachotokea baada ya hapo? Steam hushusha kwanza orodha ya mafaili yote ya gemu. Ndani ya orodha hiyo kila faili limekatwa vipande vya takribani megabaiti moja, na kila kipande kina alama yake iliyopigwa kwa hesabu ya SHA-1, kama alama ya kidole. Steam husoma mafaili uliyoyaweka, hupiga hesabu hiyohiyo, kisha hulinganisha. Kipande kilicholingana hubaki, na ambacho hakikulingana hushushwa. Ndiyo maana gemu ya rafiki iliyopitwa na masasisho mawili matatu bado ni mali: utalipia tofauti peke yake. Ndiyo maana pia huwezi kukwepa bando kabisa. Orodha yenyewe inatoka mtandaoni, na sasisho la wiki hii rafiki yako pengine hana.

Utajuaje kama inakagua au inashusha? Fungua ukurasa wa Downloads uangalie grafu. Wakati wa ukaguzi diski inafanya kazi huku mtandao umelala chini. Mtandao ukipanda tangu mwanzo na ukang'ang'ania juu, bonyeza kitufe cha kusimamisha hapohapo.

Mimi sikubonyeza. Mara ya kwanza niliwasha, nikaenda kula, niliporudi bando lilikuwa limeisha na gemu ilikuwa imefika asilimia tano. Kosa lilikuwa dogo la kuudhi: nilikuwa nimetengeneza folda ya `dota 2 beta` kwa mkono wangu, kisha nikapesti ya rafiki ndani yake. Folda ndani ya folda. Steam ilifungua ya juu, ikakuta hakuna inachokijua, ikaanza upya. Likikupata hili, usihamishe vitu huku Steam inaendelea. Itoe folda iliyo sahihi uiweke pembeni, ifute gemu ndani ya Steam, kisha uirudishe folda mahali pake na kubonyeza INSTALL tena. Diski ya rafiki usiirudishe mpaka umeingia kwenye mechi.

Je, wajua kuna faili moja ambalo wengi hulikopi na lingebaki tu kwa mwenyewe? Ni `appmanifest_570.acf`, lililo ndani ya `steamapps`, nje ya `common`. Namba 570 ni ya Dota 2 dukani. Faili hilo ni daftari la usakinishaji wa rafiki yako: lina toleo aliloishia, na kwenye mstari wa `LastOwner` lina namba ya akaunti yake. Ukibonyeza INSTALL, Steam itakuandikia la kwako.

Je, wajua diski inaweza kukataa faili hata kama ina nafasi tele? Iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Dota 2 imekatwa kwenye mapakiti mengi ya `.vpk`, lakini kuna gemu zinazobeba faili moja kubwa, na hapo kukopi kutagoma. Dawa ni exFAT au NTFS. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo muulize mwenye diski kwanza, picha za harusi ya dada yake ziko humo.

Na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote: ukaguzi hukagua orodha yake, haukagui folda yako. Faili la gemu lililochezewa litagunduliwa na kubadilishwa. Faili la ziada, mathalani `.dll` ngeni iliyoachwa na mtu aliyekuwa akijaribu ujanja, halimo kwenye orodha, hivyo haliulizwi lolote wala halifutwi. Litakaa hapo na huenda gemu ikalipakia. Virusi vinavyogeuza folda za flashi kuwa njia za mkato navyo husafiri hivihivi. Chunguza diski kwa antivirusi kabla ya kukopi, na ukiona `.exe` usiyoielewa, iache hukohuko.

Dota 2 ni ya bure, kwa hiyo hakuna kesi. Gemu ya kulipia ni habari nyingine: mafaili ya rafiki hayakupi umiliki, na kama hukuinunua kwa akaunti yako, INSTALL hutaiona.

Kwa Epic njia inapinda kidogo. Ukiweka folda kwanza, huenda programu ikakataa kusakinisha juu yake. Anza kusakinisha, subiri asilimia mbili au tatu, katisha na ufunge programu. Sasa mwaga mafaili ya rafiki ndani ya folda iliyotengenezwa, isipokuwa folda ya `.egstore`: hiyo acha ileile iliyoandikwa na kompyuta yako. Ukifungua tena na kuendelea, itakagua.

Je, wajua kwamba kama mmekaa sebule moja diski haihitajiki? Tangu 2023 Steam ina uwezo wa kuvuta gemu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye waifai hiyohiyo. Rafiki aingie Settings, sehemu ya Downloads, aruhusu marafiki zake wa Steam, nawe ubonyeze INSTALL. Kompyuta yake isiwe katikati ya mechi, maana haitatuma kitu wakati anacheza.