Kusoma Kina cha Mafuriko Kwenye Video

Kina cha maji ya mafuriko husomwa kwenye video kwa kutafuta, ndani ya picha yenyewe, kitu ambacho urefu wake unajulikana. Katika maeneo kama Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kitu hicho mara nyingi ni ukuta wa tofali za saruji. Maji yakishapungua huacha mstari wa tope ukutani, na mstari huo hudumu siku kadhaa baada ya watu kurudi kufagia nyumba zao.

Tofali la kawaida la saruji lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Likisimamishwa, kozi moja pamoja na udongo wa saruji wa kuungia hufika takriban sentimita 25. Tuseme video ya simu inaonyesha nyumba isiyopigwa lipu, na mstari wa tope umefika juu ya kozi ya nne kutoka sakafuni. Ndani ya nyumba maji yalifika sentimita 100. Mlango unathibitisha hesabu hiyo: wenye sentimita 210, ungekatwa na mstari chini kidogo ya katikati. Chini ya sakafu zinaonekana kozi tatu za msingi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu tofali za msingi kwa kawaida hulazwa. Tofali la inchi 6 likilazwa, kozi yake ni kama sentimita 17 tu. Msingi huo basi una sentimita 50 hivi, na kina cha nje ni mita moja na nusu. Anayehesabu kozi zote saba kwa sentimita 25 atapata sentimita 175, yaani robo mita ya maji ambayo hayakuwapo. Vipimo vyote viwili huandikwa: cha ndani hueleza hasara ya vitu vya nyumbani, cha nje hueleza hatari kwa mtu aliyetembea uani.

Kipimo na mstari wa maji lazima viwe umbali uleule kutoka kwenye kamera. Bajaji iliyo karibu na mpigaji huonekana kubwa, hivyo tairi lake haliwezi kupima ukuta ulio nyuma yake. Unyevu nao hudanganya. Lipu hunyonya maji na kuyapandisha, kwa hiyo doa la unyevu hukaa juu ya kina halisi. Mstari wa tope ndio wa kuaminika zaidi. Maji yanayokwenda kasi hujaa upande wa ukuta yanakogonga. Kwa mwendo wa mita mbili kwa sekunde, yanaweza kupanda pale kwa sentimita 20, na upande wa pili wa nyumba mstari utakuwa chini zaidi.

Video iliyopigwa mafuriko yakiendelea huonyesha kina cha saa ile tu, si lazima kilele. Tena video zinazozungushwa kwenye WhatsApp hupoteza taarifa za mahali na saa, na ya mwaka jana huweza kurudi kama ya leo. Aliyepiga huombwa faili la awali, kisha bango, mnara au daraja linaloonekana hulinganishwa na ramani.

Droni husaidia kuona eneo zima, lakini uso wa maji hung'aa na kusogea, hivyo programu inayounganisha picha hushindwa kuupima vizuri. Njia bora ni kupima mwinuko wa ukingo, pale maji yanapokutana na ardhi, kisha kuutoa mwinuko wa ardhi iliyopimwa kiangazi. Ukingo ukiwa mita 8.6 na ua mita 7.4, kina ni mita 1.2. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora nyumba na mitaro, na ulitumia pia picha za droni. Kazi kama hiyo ya kabla ya mvua ndiyo huipa hesabu ya baadaye pa kuanzia. Ramani mbili zisipofungwa kwenye vitu visivyosogea, kama kona za daraja, kosa la mwinuko linaweza kuzidi kina chenyewe.

Uharibifu wa majengo ni mgumu zaidi, kwa sababu droni ikitazama chini wima huona bati tu. Nyumba ya tofali za udongo huweza kulainika na kumomonyoka ukuta mmoja huku paa likibaki limetulia juu ya zilizobaki. Kwa hiyo droni hushushwa na kuipiga nyumba kwa pembe, pande zote nne. Dalili za kutafuta ni bati lililobonyea, ukuta ulioinama, ufa wa mshazari unaoanza kwenye kona ya dirisha, na shimo chini ya msingi ambako maji yamechota udongo. Shimo hilo hufichwa na tope lililotuama, nalo ndilo huangusha nyumba siku kadhaa baadaye. Nyumba ambayo msingi wake hauonekani haiandikwi kuwa salama. Huwekwa kundi la zisizojulikana, na fundi huenda kuikagua kwa miguu.