Usiku wa Mwisho wa Herufi za Risasi

Jumamosi usiku, tarehe 1 Julai 1978, wapanga herufi wa gazeti la The New York Times waliingia kazini kama kawaida. Walivaa aproni, wakakaa mbele ya mashine zao za Linotaipu, wakaanza kuandaa toleo la Jumapili. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye mvi, walioingia kwenye kazi hiyo wakiwa vijana. Usiku huo walijua kwamba toleo likishakamilika mashine zitazimwa na hazitawashwa tena. Toleo la Jumatatu lingepangwa kwa kompyuta.

Tunayajua ya usiku huo kwa sababu ulipigwa filamu. Msahihishaji mmoja wa gazeti hilohilo, David Loeb Weiss, aliingiza kamera katika chumba cha kupangia herufi, na fundi wa Linotaipu, Carl Schlesinger, akaisimulia kazi hiyo hatua kwa hatua. Filamu yao, “Farewell, Etaoin Shrdlu”, inawaonyesha mafundi hao kwanza wakiwa na mashine za zamani, kisha wakiwa wanafunzi wa mashine mpya.

Ili kuelewa walichohofia kupoteza, lazima kwanza tuione kazi yenyewe.

Linotaipu ilikuwa mashine ndefu kuliko mtu, yenye kibodi ya vitufe 90 na chungu kidogo cha metali iliyoyeyuka. Metali hiyo sehemu kubwa ilikuwa risasi, ikichanganywa na antimoni na bati kidogo ili igande haraka na kuwa ngumu. Joto lake lilikaribia nyuzi 285 za Selsiasi. Fundi alipobonyeza kitufe, kipande kidogo cha shaba chenye umbo la herufi kiliteleza kutoka juu na kujipanga. Mstari ulipotimia, fundi alivuta wenzo, metali ya moto ikamiminwa kwenye vile vipande, na mstari mzima ukatoka ukiwa kitu kimoja, bado una moto. Kisha vipande vya shaba vilipandishwa juu, na kila kimoja kikarudi kwenye nafasi yake kwa meno yaliyochongwa mfano wa ufunguo.

Vitufe havikupangwa kama vya taipureta. Vilifuata herufi zinazotumika zaidi katika Kiingereza, kwa hiyo safu mbili za kushoto zilisomeka “etaoin shrdlu”. Fundi akikosea mstari, alizipitisha vidole safu hizo kuujaza upesi, autoe na kuutupa uyeyushwe upya. Mara nyingine mstari huo mbovu ulimponyoka msahihishaji, na asubuhi wasomaji wakakuta gazetini maneno hayo yasiyo na maana. Jina la filamu lilitoka hapo.

Mistari ilipokwisha kumiminwa, fundi mwingine aliipanga ndani ya fremu ya chuma hadi ikawa ukurasa. Huyu alisoma herufi zikiwa kinyume, kama kwenye kioo, na mara nyingi zikiwa miguu juu. Makala ikizidi nafasi, alimuuliza mhariri akate wapi, akaondoa mistari kwa mkono. Mafunzo ya kazi hiyo yalichukua miaka 6. Aliyeyamaliza alikuwa na kadi ya chama, mshahara mzuri na heshima mtaani.

Mashine mpya zilifanya haya yote kwa namna nyingine kabisa. Maneno yaliingizwa kwa kibodi iliyounganishwa na kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyopima urefu wa mstari na kuamua neno likatwe wapi. Matokeo yalitoka kwenye karatasi ya picha, ambayo ilipakwa nta mgongoni, ikakatwa kwa kisu chembamba na kubandikwa kwenye ubao wenye ukubwa wa ukurasa. Ukurasa uliokamilika ulipigwa picha, na picha hiyo ikatumika kutengeneza bamba la kuchapia. Chungu hakikuhitajika, wala metali ya moto. Ujuzi wa kusoma herufi kinyume, uliojengwa kwa miaka mingi, haukuwa tena na kazi.

Fundi mmoja katika filamu anasema kwamba maarifa yote aliyokusanya kwa miaka 26 sasa yamefungiwa ndani ya kisanduku kidogo kiitwacho kompyuta. Anayasema kwa sauti ya kawaida tu, na hapo ndipo uzito wake unapoonekana. Mtu wa umri wake hakuwa akihofia mashahara peke yake. Alihofia kuwa mwanafunzi tena mbele ya vijana, na kuambiwa kwamba anachokijua hakina bei.

Hata hivyo, fundi huyo hakufukuzwa. Sababu ya hilo ilianza miaka mingi kabla ya filamu.

Tarehe 8 Desemba 1962, wapanga herufi wa New York waligoma chini ya uongozi wa Bertram Powers, mwenyekiti wa tawi namba 6 la chama chao. Walidai nyongeza ya mshahara, na walitaka pia sauti katika suala la mashine zilizokuwa zinakuja. Mgomo ulidumu siku 114. Jiji lilikosa magazeti yake makubwa kipindi chote cha baridi, na uliumiza pande zote. Katika miaka michache iliyofuata magazeti kadhaa ya jiji yalikufa au kuunganishwa, na kila gazeti lililokufa liliondoka na ajira za mafundi waliokuwa wamegoma kuzilinda.

Kwa hiyo walipoketi tena mezani mwaka 1974, kila upande ulikuwa na kovu. Wakuu wa The New York Times na wa gazeti la Daily News walihitaji uhuru wa kuleta kompyuta, kwa sababu gharama za kupanga herufi kwa metali zilikuwa zinawalemea. Chama kilijua kwamba hakiwezi kuzizuia mashine milele. Wakaandikiana mkataba wa miaka 11. Wamiliki walipata ruhusa ya kuleta mashine yoyote waliyoitaka, na mafundi waliokuwa kwenye orodha ya kudumu wakahakikishiwa ajira hadi watakapostaafu. Waliotaka kustaafu mapema waliwekewa malipo ya kuwavuta, na waliobaki walipaswa kufundishwa kazi mpya.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Hakikisho la ajira liliandikwa mwaka 1974, na Linotaipu ya mwisho ikazimwa mwaka 1978. Kati ya hapo kulikuwa na miaka minne ya mashine kuingia kidogo kidogo na watu kupelekwa mafunzoni kwa zamu. Meneja aliyemwambia fundi wa miaka 55 aende akajifunze kibodi mpya hakuwa akimpa mtihani wa kuamua kama atabaki. Kubaki kulikwisha kuamuliwa. Kama angekuwa mzito kujifunza kuandika, kulikuwa na meza ya kubandika kurasa.

Na wengi walikwenda kwenye meza hiyo. Filamu inawaonyesha wameshika visu na karatasi pale ambapo jana walishika vyuma. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba si ujuzi wote uliokufa. Aliyezoea kupanga ukurasa wa risasi alijua kwa jicho kama safu imelala upande, alijua makala itabanwa wapi ili itoshe, na alijua kufanya yote hayo saa ya mwisho ikikaribia. Kilichobadilika ni makosa ya kuangalia. Zamani herufi moja ikikosewa, mstari mzima ulimiminwa upya. Sasa mstari wa sahihisho ulibandikwa juu ya ule mbovu, na ungeweza kudondoka njiani au kubandikwa kwenye aya isiyo yake. Jicho la fundi wa zamani lilikuwa na kazi ya kufanya hapo.

Upande wa kibodi ulikuwa mgumu zaidi. Vidole vilivyozoea “etaoin” kwa miaka 30 vilipaswa kujifunza mpangilio wa taipureta kuanzia mwanzo. Uzoefu hapa ulikuwa mzigo, kwa kuwa mkono ulikwenda ulikozoea. Si kila mtu alikuwa tayari. Katika filamu yumo mzee wa kazi ambaye aliamua kwamba usiku huo wa mwisho wa Linotaipu ndio utakaokuwa wake wa mwisho pia. Mkataba ulimruhusu kuondoka kwa heshima, na hakuna aliyemlazimisha.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda vingine. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1978, gazeti la The Times la London lilifungwa kwa karibu mwaka mzima kwa mgogoro uliohusu mashine za aina hiyohiyo. Mwaka 1986 mmiliki wake mpya, Rupert Murdoch, alihamishia magazeti yake kwenye kiwanda kipya cha Wapping, na wafanyakazi zaidi ya 5,000 waliogoma wakafukuzwa. Walipiga kambi nje ya geti kwa mwaka mmoja na zaidi, polisi wa farasi wakiwakabili usiku, kisha mgomo ukaisha bila wao kurudi kazini. Kompyuta zilikuwa zilezile. Tofauti ya New York ni kwamba watu walihakikishiwa riziki kabla mashine hazijawashwa.

Ni haki pia kueleza ambacho mkataba wa New York haukuweza. Uliwalinda watu waliokuwamo na haukuilinda kazi yenyewe. Fundi aliyestaafu hakujazwa nafasi yake, na chumba kilichokuwa na mamia ya mafundi kikapungua mwaka hadi mwaka bila mtu kufukuzwa. Hata meza ya kubandika haikudumu, kwa sababu baadaye kompyuta ziliweza kupanga ukurasa mzima kwenye kioo na visu vikawekwa kando. Mwisho wa mwaka 1986 chama cha kitaifa cha wapanga herufi, kilichoanzishwa mwaka 1852, kilijiunga na chama kikubwa cha wafanyakazi wa mawasiliano, na jina lake likafutika.

Linotaipu yenyewe iliwahi kuwa mgeni wa kutisha. Ilianza kazi kwenye gazeti la New York Tribune tarehe 3 Julai 1886, wakati mafundi walipokuwa wakiokota herufi moja moja kwa mkono. Nao walihofia kwamba watatupwa. Chama chao kilishika msimamo kwamba mashine ziendeshwe na wanachama wake, na waokota herufi wengi wakafundishwa kukaa kwenye kibodi. Watu waliolia kwa ajili ya Linotaipu mwaka 1978 walikuwa warithi wa mafunzo hayo.

Meneja anayesoma haya huku oda ya mashine mpya ikiwa mezani kwake, iwe ya kiwanda cha nguo au ya karakana ya vyuma, aandike barua ya ajira ya wazee wake kabla hajaandika ratiba ya mafunzo. Mafundi wa The New York Times walipewa hakikisho hilo miaka minne kabla, na usiku wa tarehe 1 Julai 1978 walimaliza toleo, wakazima mashine na kwenda nyumbani. Waliochagua kubaki walirudi kazini katika chumba kisicho na chungu cha moto.