Mnyororo Huanzia Juu

Mwanafunzi wa aljebra ya mstari anaweza kukwama hata kama hajakosea hesabu hata moja. Mbele yake kuna milinganyo miwili, mmoja chini ya mwenzake:

```
x + 2y + 3z = 2
x + 2y + 3z = -1
```

Kushoto ni kitu kilekile, kulia ni namba mbili tofauti. Anarudi nyuma, anakagua alama za kutoa, anazidisha upya na kufika palepale. Kila hatua ni sahihi. Kilichomponza ni mahali alipoanzia.

Matriksi iliyomfikisha hapo ni hii:

```
      [  3   2   3 ]
A  =  [  1   4   3 ]
      [ -1  -2  -1 ]
```

Matriksi ya namna hii hupokea vekta yenye namba tatu na kutoa vekta nyingine. Vekta nyingi hutoka zikiwa zimegeuzwa mwelekeo. Chache hubaki kwenye mstari wao uleule, zikirefushwa au kufupishwa tu, na hizo ndizo vekta aigeni. Neno lenyewe ni la Kijerumani, na maana yake ni kitu kilicho cha mwenyewe. Kiasi ambacho vekta hiyo imerefushwa huitwa thamani aigeni, na kwa kawaida huandikwa λ.

Vekta hizi hutafutwa kwa sababu zinarahisisha kazi. Matriksi ya tatu kwa tatu ikiwa na vekta aigeni tatu zinazojitegemea, yaani hakuna inayoweza kuundwa kutokana na zile nyingine mbili, zinaweza kutumika kama mihimili mipya. Katika mihimili hiyo, matriksi inabaki na namba kwenye ulalo wake tu, na kwingine kote ni sifuri. Ila zipo matriksi ambazo vekta zake hazifiki tatu. Hizo huitwa pungufu, na A ni mojawapo.

Upungufu huo unaonekana mapema. Kutafuta λ ni kutafuta namba zinazoifanya ditaminanti ya A − λI kuwa sifuri, ambapo I ni matriksi yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingineko. Jumla ya ulalo wa A ni 6, ditaminanti yake ni 8, na ditaminanti ndogo tatu za mbili kwa mbili zilizokaa juu ya ulalo ni 10, 0 na 2, jumla 12. Kwa hiyo mlinganyo ni

```
λ³ - 6λ² + 12λ - 8 = (λ - 2)³ = 0
```

Thamani aigeni ni moja tu, 2, nayo inahesabiwa mara tatu. Hilo peke yake halithibitishi upungufu, maana hata 2I ina thamani hiyohiyo mara tatu, na kila vekta kwake ni aigeni. Jibu linapatikana baada ya kutoa 2 kwenye ulalo. Matriksi inayobaki iitwe N:

```
      [  1   2   3 ]
N  =  [  1   2   3 ]
      [ -1  -2  -3 ]
```

Safu mlalo zote tatu zinasema jambo moja. Vekta aigeni ni ile ambayo N inaifuta kabisa, na hapa sharti la kufutwa ni moja: x + 2y + 3z = 0. Huo ni mlinganyo wa bapa linalopita kwenye chanzo. Juu ya bapa unaweza kuchagua vekta mbili zinazojitegemea, kwa mfano (2, −1, 0) na (3, 0, −1), lakini ya tatu haipo. Zilihitajika tatu, zimepatikana mbili.

Pengo hilo hujazwa na vekta aigeni ya jumla. Hii haifutwi na N mara moja, ila hufutwa N inapotumika tena. N ikiigusa mara ya kwanza, inaishusha hadi kwenye vekta aigeni ya kawaida. Ikiigusa mara ya pili, inaimaliza. Vekta mbili zinazofuatana hivyo huitwa mnyororo. Kwa A, migusano miwili inatosha kufuta kila vekta, kwa sababu N mara N ni sifuri tupu: safu mlalo (1, 2, 3) ikikutana na safu wima (1, 1, −1) inatoa 1 + 2 − 3 = 0, na safu nyingine zote za N ni hizohizo zikizidishwa kwa namba.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapoteleza. Amefundishwa kwamba ukiwa na vekta aigeni v, unatafuta w inayotimiza Nw = v. Anachukua (2, −1, 0), aliyoipata kwanza, na kukutana na milinganyo miwili iliyofungua makala hii. Anajaribu (3, 0, −1) na kuambiwa kwamba 3 ni sawa na 0. Akiwa na haraka, atahitimisha kwamba matriksi hii haina mnyororo wala umbo la bloku. Hilo haliwezekani: tukiruhusu namba changamano, kila matriksi ya mraba ina umbo hilo.

Tazama safu wima za N na sababu itaonekana. Ya kwanza ni (1, 1, −1), ya pili ni mara mbili ya hiyo, ya tatu ni mara tatu. Chochote utakachoingiza, N itatoa vekta yenye sura ya (k, k, −k) na si nyingine. Bapa la vekta aigeni ni pana, lakini N inafikia mstari mmoja tu ndani yake. Mnyororo lazima uishie kwenye mstari huo, na vekta zote mbili za mwanafunzi ziko nje yake. Kinachouma ni kwamba alikuwa amelishika jibu: (3, 0, −1) ukiitoa (2, −1, 0) unapata (1, 1, −1). Vekta iliyofaa ilikuwa tofauti ya zile mbili mkononi mwake.

Njia salama ni kuanzia juu na kushuka. Chagua w yoyote iliyo nje ya bapa. (1, 0, 0) inafaa, kwa kuwa x + 2y + 3z yake ni 1, si sifuri. Izidishe kwa N, upate (1, 1, −1). Hakuna mlinganyo wa kutatua, hivyo hakuna mahali pa kukwama. Mnyororo wenye vekta mbili umepatikana. Ya tatu ni vekta aigeni yoyote ya bapa isiyokuwa kwenye mstari wa (1, 1, −1), na (2, −1, 0) iliyokataliwa hapo awali sasa inapata kazi yake. Zipange ziwe safu wima za matriksi P:

```
      [  1   1   2 ]            [ 2   1   0 ]
P  =  [  1   0  -1 ]       J =  [ 0   2   0 ]
      [ -1   0   0 ]            [ 0   0   2 ]
```

J ndiyo A ikitazamwa katika mihimili mipya. Ina bloku mbili: ya mbili kwa mbili juu kushoto, inayotokana na mnyororo, na ya namba moja chini kulia, inayotokana na vekta iliyosimama peke yake. Mpangilio wa safu wima una uzito wake. Katika mnyororo, vekta aigeni hutangulia na w hufuata. Ukizibadilisha, ile 1 itashuka chini ya ulalo.

Kukagua hakuhitaji matriksi kinyume. Zidisha A kwa kila safu wima ya P. A(1, 1, −1) ni (2, 2, −2), mara mbili kamili. A(2, −1, 0) ni (4, −2, 0), vilevile mara mbili. A(1, 0, 0) ni (3, 1, −1), ambayo ni mara mbili ya (1, 0, 0) ikijumlishwa na (1, 1, −1). Nyongeza hiyo ndiyo ile 1 iliyo juu ya ulalo wa J. Ditaminanti ya P ni 1, si sifuri, kwa hiyo vekta tatu zinajitegemea kweli.

Umbo hili lina jina la Camille Jordan, Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka 1838 na kusomea uhandisi wa migodi kabla ya kuzama katika hisabati. Alilieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1870. Karl Weierstrass wa Berlin alikuwa amefikia matokeo ya aina hiyo mwaka 1868 kwa njia nyingine, na mwaka 1874 Jordan alijikuta katika ubishi mkali na Leopold Kronecker, pia wa Berlin, kuhusu njia ipi ilikuwa bora. Jordan anayetajwa pamoja na Gauss katika kutatua milinganyo ni mtu mwingine, Wilhelm, Mjerumani aliyekuwa mpima ardhi.

Umuhimu wa ile 1 unajitokeza A inapozidishwa yenyewe mara nyingi. Kwa kuwa A = 2I + N na N mara N ni sifuri, kila kitu kinafupika kuwa

```
Aⁿ = 2ⁿ I + n · 2ⁿ⁻¹ N
```

Anza na (1, 0, 0) na uzidishe mara 10. Kama kungekuwa na kurefushwa mara mbili tu, ungepata (1024, 0, 0). Fomula inatoa 1024 ya kwanza pamoja na mara 5120 ya (1, 1, −1), yaani (6144, 5120, −5120). Sehemu inayobeba n mbele yake imeizidi ile ya kawaida mara tano, na uwiano huo utaendelea kukua kadiri n inavyoongezeka. Ukiona katika matokeo ya mfumo fulani n ikizidishwa na kipeo namna hii, jua kuna bloku iliyojificha ndani yake.

Hesabu hii yote imefanywa kwa namba kamili, na hiyo si bahati nasibu. Chukua A, badilisha namba moja tu: ile 2 ya safu mlalo ya kwanza, safu wima ya pili, iwe 2.000001. Thamani aigeni hazibaki 2, 2, 2. Zinakuwa 2, 2.001 na 1.999. Badiliko la sehemu moja ya milioni limezaa tofauti ya sehemu moja ya elfu, kwa sababu kinachojitokeza ni kipeuo cha pili cha badiliko. Zaidi ya hapo, thamani tatu zikishatofautiana, vekta aigeni tatu zinapatikana na upungufu unatoweka kabisa. Kompyuta inayokadiria desimali hufanya mabadiliko madogo ya aina hii bila kuagizwa, hivyo inaweza kukupa thamani tatu zinazokaribiana sana na vekta mbili zinazokaribia kulaliana, bila kukuonya kwamba matriksi ya asili ilikuwa pungufu. Thamani aigeni zinazoachana kuanzia tarakimu ya nane hivi ni dalili ya kurudi kwenye N na kuhesabu safu zake zinazojitegemea.

Programu inayotunza namba kamili, kama SymPy ya lugha ya Python, haina tatizo hilo:

```
from sympy import Matrix
A = Matrix([[3,2,3],[1,4,3],[-1,-2,-1]])
P, J = A.jordan_form()
```

J itakuwa na bloku zilezile mbili, pengine zikiwa zimebadilishana nafasi. P inaweza kuwa tofauti na iliyoandikwa hapa, na hilo si kosa. Anayeanza na w = (0, 1, 0) atashuka hadi (2, 2, −2), mstari uleule wa awali, na J yake itatoka sawasawa na hii.