Papi ya Chuma Juu ya Paa Lenye Mteremko

Tuliwapa walimu-wanafunzi wetu rula ya plastiki waiegemeze ncha zake juu ya marundo mawili ya vitabu. Ikisimama kwa ukingo, haikupinda walipoikandamiza. Ikilala kwa ubapa, ililegea mara moja. Papi ya chuma ina tabia hiyo hiyo. Huundwa kwa bamba jembamba, aghalabu milimita 2, lililokunjwa bila kutiwa moto mpaka likapata umbo la C. Hulazwa juu ya kenchi ili ishike mabati.

Juu ya paa lenye mteremko, papi husimama wima kwa paa, wala si kwa ardhi. Uzito, kwa upande wake, huelekea chini daima. Hapo papi hupindwa pande mbili kwa pamoja.

Tuchukue paa linalopanda mita 5 kwa kila mita 12 za mlalo, na papi ya mita 6 inayobeba kilo 130 kwa kila mita. Pembetatu ya 5, 12 na 13 hutugawia uzito huo: kilo 120 hukandamiza paa, na kilo 50 huivuta papi kufuata mteremko. Kipimo cha kupinda hupatikana kwa kuzidisha uzito wa mita moja kwa mraba wa urefu, kisha kugawanya kwa 8. Upande wa kwanza tunapata 540; wa pili, 225.

Mwanafunzi atasema 225 ni kidogo. Hapa ndipo penye mtego. Papi ya C yenye kimo cha milimita 200 na upana wa 75, kwa upande wake dhaifu, ina takriban robo tu ya uwezo wa upande imara. Kwa hiyo 225 yaichosha kama 900. Uzito mdogo ndio unaoumiza zaidi!

Dawa yake ni nondo nyembamba ipitayo katikati ya papi zote, kutoka ya chini hadi kileleni. Sasa urefu wa upande dhaifu ni mita 3, na 50 mara 9 gawanya kwa 8 ni 56 tu, yaani robo ya awali.

Lakini nondo haifuti mzigo, huupandisha. Kila papi huikabidhi nondo kilo 187 hivi, na baada ya papi tano nondo ya juu huvutwa kwa karibu kilo 940. Ikiishia kwenye papi ya kileleni isiyofungwa na ya upande wa pili, papi hiyo itapinda kwa niaba ya wenzake. Katika paa la upande mmoja, nondo za mshazari huupeleka mvuto huo kwenye kenchi.

Kasoro hii huonekana kwa macho. Simama penye ncha ya papi, utazame kwa jicho moja kuelekea ncha ya pili: tumbo likiwa limeshuka kuelekea ukingo wa chini wa paa, nondo hazipo au zimelegea. Darasani, uzi uliofungwa katikati ya rula iliyoinamishwa waonyesha jambo lilo hilo. Mwanafunzi aushikaye juu atausikia mvuto mkononi.