Meza ya Chakula Ikigeuka Ofisi

Laptopu ilitengenezwa ili ibebeke. Kioo na kibodi yake vimeunganishwa, na shida huanzia hapo: ukiiweka chini mikono itulie, shingo inainama, ukiinua ili macho yaone vizuri, mabega yanapanda. Kwa kazi ya nusu saa mwili huvumilia. Kwa siku nzima ya kupokea malalamiko ya wateja, hauvumilii.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa wateja anayefanyia kazi nyumbani kwake Umoja, Nairobi. Meza yake ya chakula ina kimo cha sentimita 75, kama zilivyo nyingi, na kiti ni sentimita 45. Akikaa wima, kiwiko chake kinafika sentimita 22 juu ya kiti, yaani 67 kutoka sakafuni. Meza basi imemzidi kwa sentimita 8, na unene wa laptopu bado. Ili aandike lazima ainue mabega, na huyashikilia juu bila hata kujijua. Jioni maumivu yapo kati ya shingo na bega, naye anadhani alilala vibaya.

Meza haipunguziki, kwa hiyo aliyekaa ndiye apandishwe. Blanketi lililokunjwa vizuri na kukazwa hadi sentimita 8 hivi linafaa kuliko mto laini, kwa kuwa mto hubonyea kabla ya saa nne asubuhi. Sasa miguu itaning'inia na ukingo wa kiti utabana mapaja, kwa hiyo kreti au kiboksi kigumu kiwekwe chini ya nyayo. Kisha laptopu ipandishwe juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Hapo kibodi yake haifikiki tena vizuri, na ndiyo sababu kibodi ya pembeni na mausi si anasa. Bila hivyo viwili, vitabu vinahamisha tu maumivu kutoka shingoni hadi mabegani. Dirisha liwe ubavuni: likiwa nyuma yake, mwanga unamulika kioo naye ataanza kujipinda ili asome.

Nani anunue kibodi? Waajiri wengi hujibu kwamba nyumbani kwa mtu si kwao. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haiwapi nafasi kubwa ya kujificha hapo. Inapoeleza mahali pa kazi haiishii kwenye jengo la kampuni. Inagusa mahali popote mfanyakazi alipo akiwa kazini. Kifungu cha 76 kinamtaka mwajiri ahakikishe kituo cha kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi, na kinataja pia kumkinga na mkazo wa akili. Uingereza wamelisema waziwazi zaidi: kanuni zao za kazi za kioo za mwaka 1992 zinamfuata mfanyakazi hadi nyumbani, na akiomba kupimwa macho mwajiri ndiye hulipa.

Ugumu wa kweli ni kwamba mwajiri haoni. Hawezi kubisha hodi kila nyumba, wala si haki awashe kamera kutwa kumchunguza mtu sebuleni kwake. Njia ya kawaida ni fomu ya maswali, lakini swali kama "Je, kiti chako kinafaa?" hujibiwa ndiyo na kila mtu. Bora aombe vipimo vitatu, cha meza, cha kiti na cha kiwiko, pamoja na picha moja iliyopigwa ubavuni mfanyakazi akiandika. Picha hiyo pia huonyesha ekstensheni moja iliyobeba pasi, feni na chaja, hatari ambayo hakuna fomu ingeitaja.

Upweke hauonekani kwenye picha. Ofisini jirani angekuona ukijikanda shingo, au angekusikia ukivuta pumzi baada ya mteja kukutukana. Nyumbani simu ya pili inaingia na matusi ya kwanza bado yako kifuani. Msimamizi makini huona mabadiliko kabla hajaambiwa: aliyekuwa akiandika sentensi anajibu neno moja, barua pepe zake zinatoka saa saba usiku, siku za mapumziko hazichukui. Mkutano wa watu ishirini hauwezi kuyaibua hayo. Simu ya wawili, isiyo na ajenda ya malengo, na haki ya kutulia dakika chache baada ya mteja mkali, huyagusa. Mifumo mingi huhesabu dakika hizo kama uvivu. Ningeanza kurekebisha hapo kabla ya kununua kiti chochote.

Na mfanyakazi mwenyewe asibaki kulalamika kwa mdomo. Vidole vikianza kufa ganzi, hasa usiku, aandike kwa msimamizi siku ile ile: tarehe, sehemu inayouma, vipimo vya meza, kifaa anachoomba. Akija kudai fidia, atatakiwa kuonyesha kwamba maumivu yalitokana na kazi, na barua ile itakuwa imetangulia daktari.