Jibu Ndani ya Alama 160: Ukomo wa Ujumbe Mfupi wa Simu na Umbo la Jibu la Kiswahili

Tafiti nyingi zinazohusu lugha ya ujumbe mfupi wa simu zimejikita katika ufupishaji wa maneno, hususani namna vijana wanavyodondosha irabu au kutumia tarakimu mahali pa silabi. Makala haya yanashughulikia upande mwingine wa jambo hilo: jibu ambalo mtaalamu au taasisi humpelekea mtu aliyeuliza, na ambalo msomaji wake ataliamini na kulitekeleza. Katika jibu la namna hiyo ufupishaji si mtindo. Ni uamuzi kuhusu kipi kibaki na kipi kiachwe, na uamuzi huo hufanywa ndani ya mipaka iliyowekwa na mtandao wa simu, wala si na lugha.

Ujumbe mmoja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Jedwali la herufi la msingi, lijulikanalo kama GSM 03.38, huipa kila alama biti 7, na hivyo hupatikana nafasi 160. Nafasi tupu, nukta na mruko wa mstari huhesabiwa sawa na herufi. Herufi zote za Kiswahili sanifu zimo katika jedwali hilo. Hata hivyo, ikitokea alama moja tu isiyokuwamo, kwa kawaida ujumbe mzima huhamishiwa katika mfumo wa UCS-2, ambamo kila alama huchukua biti 16, na nafasi hupungua kutoka 160 hadi 70. Ujumbe ukizidi ukomo huo hukatwa vipande, na kila kipande hutoa baiti 6 kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha. Kwa hiyo kipande hubaki na alama 153 katika mfumo wa kwanza na 67 katika ule wa pili.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni ritifaa. Ritifaa iliyonyooka (') imo katika jedwali la msingi; ile iliyopinda (’), ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe bila mwandishi kuombwa, haimo. Ofisa anayeandika jibu kwenye kompyuta na kulinakili katika mfumo wa kutuma ujumbe huenda asione tofauti yoyote kati ya ng'ombe na ng’ombe. Mtandao huiona. Jibu la alama 150 ambalo lingekuwa ujumbe mmoja huwa vipande vitatu, na gharama huwa ya ujumbe tatu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kihesabu alama kinachoonekana wakati wa kuandika huporomoka ghafla mara tu alama hiyo inapoingia. Kiswahili kinachoandikwa kwa hati za Kiarabu hukutana na ukomo wa 70 tangu herufi ya kwanza.

Uzito wa mambo haya huonekana vizuri katika mfano. Mama anauliza kwa ujumbe jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Kipimo kinachofahamika ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mhudumu aliyezoea mabango na vipeperushi huenda akaandika hivi:

```
*MAJI YA CHUMVI NA SUKARI*
• Maji safi: lita 1
• Sukari: vijiko vidogo 6
• Chumvi: kijiko kidogo ½
Koroga, mpe mtoto kidogo kidogo.
```

Kwenye karatasi jibu hili halina kasoro kubwa. Lina alama 131 tu, pungufu ya 160. Lakini vitone vya orodha na alama ya ½ havimo katika jedwali la msingi, kwa hiyo ujumbe unahamia UCS-2 na kukatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kinaishia katikati ya neno: «Sukari: vijiko vid». Idadi ya vijiko na habari yote ya chumvi vimo katika kipande cha pili. Simu nyingi husubiri vipande vyote na kuviunganisha. Kipande kimoja kisipofika, baadhi huonyesha kilichopo na nyingine hazionyeshi kitu. Nyota za mwanzo, ambazo katika programu nyingine za mawasiliano hukoleza wino, hapa hubaki nyota. Hilo ni jambo dogo, ila katika mazingira yetu nyota ni kitufe kinachobonyezwa: msomaji aliyezoea kupiga *150*00# ana haki ya kujiuliza kama nyota iliyo kando ya namba ni pambo au ni sehemu ya namba.

Hatari kubwa imo katika ½. Mfumo usioitambua alama hiyo unaweza kuigeuza kuwa alama ya kuuliza au kuidondosha kabisa. Ikidondoka, msomaji hubaki na «Chumvi: kijiko kidogo», sentensi isiyo na dosari yoyote ya kisarufi inayoagiza chumvi maradufu ya inayotakiwa. Kosa linalovunja sarufi humshtua msomaji, hili halimshtui. Ndiyo maana sehemu ya namba iandikwe kwa neno, hata kama neno ni refu kuliko alama. Neno «nusu» huchukua nafasi nne mahali pa moja, lakini halipotei kimyakimya.

Jibu likiandikwa upya kwa nathari linaweza kuwa hivi:

```
Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi NUSU kijiko kidogo. Sawazisha kila kijiko. Koroga, mpe kidogo kidogo. Akizidi kulegea, mpeleke hospitali leo.
```

Hizi ni alama 158, ujumbe mmoja. Kichwa kimeachwa, kwani swali la mama ndilo kichwa. Kazi ya vitone vya orodha imechukuliwa na mkato na mpangilio wa maneno: kitu kwanza, kisha kipimo chake. Kazi ya wino mzito imechukuliwa na herufi kubwa, nazo zimetumika katika neno moja tu. Zikitumika katika maneno matano hazisisitizi chochote. Aidha, nafasi zilizookolewa zimelipia onyo ambalo jibu la kwanza halikuwa nalo.

Bado kuna tatizo la kiisimu. Kiambishi cha mtendwa katika «mpe» na «mpeleke» huokoa nafasi nyingi, lakini hakina nomino kinakorejelea ndani ya ujumbe wenyewe. Nomino imo katika swali. Ujumbe wa simu husomwa na jirani, huonyeshwa kwa bibi, hupelekwa kwa mtu mwingine bila swali lake. Nafasi mbili zilizobaki hazitoshi kuongeza «mtoto», neno linalohitaji nafasi sita pamoja na nafasi tupu. Zinaweza kupatikana kwa kubadili «Sawazisha kila kijiko» kuwa «Sawazisha vijiko», badiliko linalookoa tano. «Koroga, mpe mtoto kidogo kidogo» hufanya ujumbe wote uwe na alama 159. Kinachopotea ni msisitizo wa «kila». Kinachopatikana ni jibu linalojitegemea.

Njia ya kufupisha «vijiko» kuwa «vjk» ingetoa nafasi zaidi, lakini haifai. Ufupisho hueleweka baina ya watu waliozoeana kuandikiana, ilhali mtoa huduma hajui ni nani atakayesoma. Ni afadhali kuacha taarifa nzima, au kuipeleka katika ujumbe wa pili unaojitegemea, kuliko kuibakiza ikiwa nusu yake ni ya kubuniwa na msomaji.